Mkeka Uliochanwa na Mechi Moja

Kijana wa hadithi hii nimemtunga, na ndiyo maana sitampa jina. Lakini ukipita vijiwe vya bodaboda vya Mbagala, Temeke au Gongo la Mboto jioni ya Jumamosi, utawakuta wengi wanaofanana naye, wameinamia simu, wakihesabu mechi zilizobaki kwenye mkeka. Nimemtunga ili hesabu zake zionekane zote, kuanzia shilingi ya kwanza hadi ya mwisho. Katika kubeti hesabu ndizo zinazosema kweli, na watu halisi huona aibu kuzitaja zote.

Ana miaka 24. Anaendesha pikipiki ya tajiri, na kijiwe chake kiko Rangi Tatu. Siku ikienda vizuri anaingiza 25,000. Mafuta yanakula 7,000, hesabu ya tajiri ni 8,000, chakula cha barabarani pamoja na maji na vocha ni 4,000. Kinachobaki ni 6,000, na humo ndimo inamotoka kodi ya chumba, nguo na kidogo cha kutuma nyumbani. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo mkononi mwake inabaki kama 36,000. Siku ya mvua abiria hawapandi, lakini hesabu ya tajiri haipungui.

Katika hiyo 36,000, anabeti 20,000. Siku za kawaida anaweka dau la 2,000, Jumamosi na Jumapili anaweka 5,000 kila siku. Hakuna siku aliyokaa chini akaamua kutoa zaidi ya nusu ya kipato chake. Zilikuwa buku mbili mbili tu.

Kuna wanaosema vijana hawa wanabeti kwa sababu ni wavivu. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne usiku, mgongo ukimuuma, hatuna haki ya kumwita mvivu. Anabeti kwa sababu amekwishapiga hesabu. Pikipiki mpya inauzwa mamilioni, na kwa 6,000 kwa siku, kodi ikiwa bado haijalipwa, haioni njia ya kuifikia. Mkeka unamwonyesha njia. Inabidi tuione njia hiyo jinsi ilivyo, maana kumkemea bila kumwonyesha ni kumwachia palepale.

Jumapili moja alipanga mkeka wa mechi 10. Alichagua timu kubwa zinazocheza nyumbani, zile ambazo kijiwe kizima kilikuwa kinasema haziwezi kupoteza. Kila moja ilikuwa na odi ya 1.40. Odi hizo zikizidishwa zote kumi zinafika karibu 29, kwa hiyo dau la 2,000 lingerudi karibu 58,000 kabla ya kodi. Hadi saa mbili usiku timu tisa zilikuwa zimeshinda. Ya kumi ilikuwa inaongoza bao moja kwa bila, na dakika ya 88 ikasawazishiwa.

"Dogo, umebakiza kidogo sana," mkubwa wa kijiwe alimwambia. "Wewe mechi unazijua. Wiki hii unapiga."

Maneno hayo yalimwingia kuliko hasara yenyewe. Usiku uleule aliweka mkeka mwingine wa 5,000, na pesa hiyo ilikuwa ya hesabu ya kesho.

Tuupime kidogo huo ukaribu. Kampuni ya kubashiri haihitaji kujua nani atashinda ili ipate faida. Chukua mechi ambayo mwenyeji ana odi ya 2.10, sare 3.30 na mgeni 3.40. Ukitaka kuhakikisha unapata 10,000 matokeo yoyote yakitokea, itabidi umwekee mwenyeji kama 4,760, sare 3,030 na mgeni 2,940. Jumla ni 10,730. Umetoa 10,730 ili urudishiwe 10,000. Ile 730 ni ya kampuni, na imeingizwa ndani ya odi kabla mwamuzi hajapuliza filimbi.

Mchezaji wa mechi moja analipa fungu hilo mara moja. Mwenye mkeka wa mechi 10 analilipa mara kumi, moja juu ya nyingine, kwa sababu odi zinazidishana. Odi ya 1.40 inakulipa kana kwamba timu ile inashinda mara 71 katika mechi 100. Kampuni ikishakata fungu lake, nafasi halisi ni kama mara 67. Tofauti inaonekana ndogo. Irudie mara kumi, na katika kila 2,000 anayoweka, wastani wa kinachomrudia ni kama 1,050. Karibu nusu imeshaondoka. Mkeka mrefu unavutia kwa sababu ya tarakimu iliyoandikwa chini yake, na ndio huohuo unaokata zaidi.

Kwa nafasi hizohizo, mikeka 100 ya mechi kumikumi itatiki miwili hivi. Itakayokosa mechi moja tu ni kama 9. Itakayokosa mechi mbili ni kama 20. Mtu anayebeti kila siku atachanwa na mechi moja karibu mara tatu kwa mwezi, hata kama hajui lolote kuhusu mpira. Kukosa mechi moja ndivyo mkeka mrefu unavyofanya kwa kawaida yake, na hakumaanishi kwamba mchezaji anakaribia kuupata mchezo. Lakini mwili unaambiwa vingine. Watafiti wa ubongo waliowachunguza wacheza kamari wameona kwamba kukosa padogo huwasha hamu ya kuendelea, na huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamka mtu anaposhinda. Ndiyo sababu usiku ule kijana wetu hakulala akiwaza 2,000 iliyopotea. Alilala akiwaza 58,000 iliyokuwa imeshafika mlangoni.

Siku ya tatu tajiri alikuja mwenyewe kijiweni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hesabu ya juzi na ya jana iko wapi?"

Hakuwa nayo. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia alete 16,000 hadi Ijumaa, au alete ufunguo.

Kijana alikwenda kukaa chini ya mwarobaini, akafungua jumbe za miamala kwenye simu. Hakuwa na nia ya kuacha kubeti. Alikuwa anatafuta kama kuna mtu anayemdai pesa, ili apate hiyo 16,000. Alichokutana nacho ni orodha ndefu ya jina la kampuni moja, buku mbili, buku mbili, buku tano. Akaomba kalamu, akapasua katoni, akagawa sehemu mbili: zilizotoka na zilizoingia. Katika miezi mitatu zilikuwa zimetoka 260,000. Zilizoingia zilikuwa 112,000, yaani ushindi mara mbili, mmoja wa 68,000 na mwingine wa 44,000. Alikuwa amepoteza 148,000.

Ule ushindi wa mara mbili aliukumbuka vizuri sana. Alikumbuka alipokuwa amekaa, timu iliyofunga bao la mwisho, na watu aliowanunulia soda. Zile buku mbili hakukumbuka hata moja. Kama angeulizwa asubuhi ile, angeapa kwamba kwa ujumla yuko juu. Kwa anayetaka kujua hali yake mwenyewe, kazi hii ya nusu saa inazidi nasaha zote: jumbe za miezi mitatu na safu mbili. Kichwa kinahifadhi ushindi na kutupa madau, simu inahifadhi vyote.

Lile deni la tajiri alilimaliza kwa kukopa kwa dada yake. Jioni ile akafuta programu ya kubeti, akazuia namba zinazomtumia jumbe za ofa. Kampuni nyingi zina pia nafasi ya mteja kuomba akaunti yake ifungwe kwa muda au moja kwa moja, kwa kupiga huduma kwa wateja. Yeye alisita siku kadhaa kabla ya kupiga, kwa sababu kwenye akaunti kulikuwa na bonasi ya 1,500 ambayo haikuweza kutolewa, ilikuwa ya kubetia tu.

Kufuta programu ni rahisi. Ugumu uko kwenye saa. Hamu haikumjia mchana akiwa na abiria. Ilimjia Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni, mechi za Ulaya zinapoanza, kijiwe kimetulia, na simu ina salio. Aliona kwamba vitu vitatu vikikutana, yaani saa ile, kijiwe na salio, anashindwa, na kikikosekana kimojawapo anaweza. Saa hawezi kuibadilisha. Kwa hiyo alimwomba tajiri apokee hesabu ya Jumamosi saa kumi jioni badala ya usiku. Mzee alikubali upesi, akidhani kijana amepata akili ya kazi. Na kwa miezi miwili ya kwanza, jioni za Jumamosi alihamia kupakia abiria wa sokoni, mbali na kibanda umiza. Mpira hakuuacha. Alisikiliza matokeo redioni usiku, mechi zikiwa zimeisha.

Wiki ya tano alianguka. Ujumbe wa ofa uliingia kwa namba mpya, naye akaweka 5,000 kwa mechi tatu, ikatiki, akapata 18,500. Hapo ndipo wengi hurudi moja kwa moja, kwa sababu ushindi baada ya kuacha unaonekana kama ruhusa. Hadi Jumatatu ile 18,500 yote ilikuwa imerudi ilikotoka, pamoja na 3,000 ya juu. Akaiandika kwenye katoni lake, safu ileile. Hakuanza kujihesabu upya kama mtu aliyepoteza kila kitu. Wiki nne bila kubeti zilikuwa bado ni wiki nne, na pesa ya wiki hizo ilikuwa imelipa nusu ya deni la dada.

Nisimame kidogo hapa. Si kila mtu anaweza kuacha kwa kuhamisha saa na kufuta programu. Shirika la Afya Duniani linaiorodhesha hali ya kushindwa kujizuia kucheza kamari miongoni mwa magonjwa, na dalili zake zinaonekana: kukopa ili kubeti, kuongeza dau kila mara kufukuzia kilichopotea, kuwaficha watu wa nyumbani, na kushindwa kuacha kila ukijaribu hata pale maisha yanapoharibika. Mwenye hali hiyo anahitaji mtaalamu. Idara za afya ya akili katika hospitali kubwa, Muhimbili ikiwemo, hupokea watu wa namna hiyo. Kumwambia mtu huyo ajikaze ni kumwacha peke yake.

Sasa kuweka akiba. Kijana wetu alipiga hesabu ambayo wengi huipiga: nilikuwa nabeti 20,000 kwa wiki, kwa hiyo sasa nitaweka 20,000 kwa wiki. Wiki ya kwanza aliweza. Ya pili mvua ilinyesha siku tatu, akaweka 4,000, akajiona ameshindwa, na ya tatu hakuweka kitu. Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Ile 20,000 ilikuwa inatoka, lakini sehemu yake ilikuwa inarudi kama ushindi, na ushindi ule ndio uliokuwa ukinunua viatu na kulipa luku. Hasara yake halisi kwa wiki ilikuwa 148,000 gawa kwa wiki 13, yaani kama 11,400. Hicho ndicho kilichoongezeka kwenye maisha yake alipoacha, na humo humo kulikuwa na deni la dada. Mtu anayepanga kuweka akiba kwa ukubwa wa madau yake ya zamani anapanga kuweka pesa ambayo karibu nusu yake hakuwa nayo.

Akashuka hadi 1,000 kwa siku, na siku ya mvua 500. Mwanzo aliziacha kwenye simu, zikatoweka moja moja. Salio la simu liko mlango mmoja na kampuni ya kubashiri, tarakimu chache na namba ya siri tu, na kama una mkopo wa simu ambao hujaumaliza, pesa ikiingia inakatwa kwanza. Akanunua kibubu cha mbao kwa fundi seremala, kile kisicho na mlango, cha kuvunja tu. Kilifika kama 31,000, akakichokonoa kwa kisu usiku mmoja, akatoa 12,000 ya nyama na soda siku ya sikukuu. Kibubu kinamzuia mwizi wa nje. Mwenye nyumba anakijua.

Dada yake ndiye aliyempeleka kwenye kikoba cha mtaa. Walikuwa wanachama 24, wengi akina mama wa genge na mama lishe, wakikutana kila Jumapili saa kumi jioni, na saa hiyo ilimfaa kuliko alivyotaka kukiri. Hisa moja ilikuwa 2,000, mwanachama ananunua kuanzia moja hadi tano kwa kikao, na kila mmoja anatoa 500 ya mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, na kabla ya kufunga sanduku wote wanatamka kiasi kilichomo ili wiki ijayo wakifungua wakikute kilekile.

"Baba, karibu," mwenyekiti alimwambia siku ya kwanza. "Hapa hatuangalii umeleta ngapi. Tunaangalia umekuja."

Kwa mtu aliyezoea kubeti, kinachofanya kazi katika kikoba ni kwamba pesa inatoka mkononi siku maalumu, mbele ya watu wanaokujua, na haiwezi kurudi usiku wa Jumamosi hata ukiitaka kwa machozi. Riba ni jambo la pili.

Vikoba navyo huharibika, na dalili zake zinajulikana mapema. Kitabu chako hakigongwi muhuri palepale, unaambiwa kiache kitagongwa. Viongozi wanakopeshana bila kikao kutangaza. Funguo zote tatu ziko kwenye nyumba mbili. Marejesho yanachelewa na hakuna anayeuliza. Ukiona moja ya hizo, uliza kikaoni kwa sauti, na usipojibiwa, usinunue hisa nyingine. Angalia pia kama kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne, na usajili wake hupitia halmashauri. Cheti hakizuii mtu kuiba, lakini kikundi kinachokataa kusajiliwa kinakueleza jambo.

Wiki nyingine alinunua hisa tatu, wiki za mvua moja. Mwezi wa sita injini ya pikipiki iligonga, na kwa makubaliano yake na tajiri matengenezo ya uzembe wa oili ni juu ya dereva. Fundi alitaka 90,000. Zamani angeweka mkeka. Alikopa kikoba kwa riba ya asilimia 10, akarudisha 99,000 kwa miezi mitatu, na miezi hiyo alinunua hisa moja moja tu. Riba ile iliingia kwenye sanduku ambalo yeye mwenyewe ana sehemu yake.

Mwaka ulipoisha walivunja kikoba, kama wasemavyo, yaani walifungua sanduku na kugawana. Kitabu chake kilikuwa na hisa 118, sawa na 236,000 alizoweka. Faida ya mikopo ikiwa imejumlishwa, kila hisa ilikuwa na thamani ya 2,300. Alipokea 271,400.

Si pesa ya kununua pikipiki. Ni chini ya nusu ya kile ambacho kubeti kungemla kwa mwaka mzima kwa kasi ileile, na ukiuliza nyingine ilikwenda wapi, jibu liko kwenye katoni: deni la dada, injini, kodi iliyolipwa kwa wakati miezi yote, na pesa ya nyumbani iliyoacha kuruka mwezi. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya akiba ambayo haihesabiwi na yeyote, na inastahili kuhesabiwa.

Alipanga hivi. Laki moja aliipeleka kwenye akaunti ya benki isiyounganishwa na simu yake, ya dharura, ili injini ikigonga tena asiguse hisa. Elfu hamsini alituma kwa mama yake Newala. Elfu ishirini na moja mia nne alinunua reflekta, koti la mvua na kofia ngumu ya abiria, kwa sababu siku za mvua ndizo zilizokuwa zikimpunguzia hisa. Laki moja iliyobaki aliirudisha katika mzunguko mpya kidogo kidogo, maana kikao kina ukomo wa hisa tano.

Kisha akaenda kwa tajiri kuulizia pikipiki ya mkataba, ile ambayo dereva analipa kila siku hadi inakuwa yake. Mzee alimsikiliza, akataka kujua ataleta shilingi ngapi za mwanzo na atawezaje siku za mvua. Kijana akamfungulia kitabu cha kikoba, akamwonyesha mihuri ya wiki za masika, moja moja, hakuna kikao kilichorukwa. Mzee akasema atatoa jibu mwisho wa mwezi, na hesabu iongezeke hadi 12,000 kama watakubaliana. Kijana alikwenda kupiga hesabu kama siku yake ya 25,000 inaibeba. Haikuibeba, kwa 2,000. Akamrudia mzee kuomba 10,000 na mkataba mrefu zaidi.